Kutaja majina ya kampaundi za chuma, shaba na wenzao: anzia upande wa hasi

Mkulima wa korosho wa Masasi au Newala anaifahamu salfa, ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga. Kwa mwanafunzi wa kemia salfa hiyo haina shida ya jina, kwa sababu ni elementi tupu, S, wala haijaungana na kitu. Shida huanza kwenye dawa za ukungu zinazotokana na shaba. Mrututu ni chembe za bluu, na ndani yake mna shaba. Upo pia unga mwekundu wa kuzuia ukungu wa majani ambao nao ni wa shaba. Metali ni ileile, lakini rangi ni mbili na tabia ni mbili, kwa hiyo hata jina haliwezi kuwa moja. Mrututu ni shaba(II) salfeti, CuSO₄, na ule unga mwekundu ni shaba(I) oksaidi, Cu₂O.

Mwongozo huu unahusu hiyo namba iliyo kwenye mabano: inatoka wapi, inapatikanaje kutoka kwenye fomula, na kwa nini wanafunzi wengi wa kidato cha pili hadi cha nne huikosea hata baada ya kukariri jedwali zima la valensi. Ukiishika namba hiyo, sehemu kubwa ya kazi ya kutaja majina ya kampaundi zisizo za kaboni hai imekwisha. Majina nitayaandika kwa mpangilio wa fomula yenyewe, upande wa chanya kwanza na upande wa hasi baadaye, kwa sababu ndivyo yanavyotakiwa kwenye mtihani.

Kwanza: je, metali hii inahitaji namba?

Usiandike namba ya Kirumi kabla ya kujiuliza swali hili. Zipo metali ambazo chaji yake haibadiliki. Zote za kundi la kwanza (lithiamu, sodiamu, potasiamu) zina 1+. Zote za kundi la pili (magnesiamu, kalsiamu, bariamu) zina 2+. Aluminiamu ni 3+, zinki ni 2+, na fedha kwa masomo ya sekondari ni 1+. Hizi hazipewi namba. Chumvi inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya Lindi na Mtwara ni sodiamu kloraidi, basi. Mawe ya chokaa yanayosagwa kutengenezea saruji ni kalsiamu kaboneti, CaCO₃. Ukiyachoma mawe hayo, au matumbawe kama walivyofanya wazee wa pwani, unapata kalsiamu oksaidi, CaO, na ukiimwagia maji unapata kalsiamu haidroksaidi, Ca(OH)₂. Kalsiamu imebaki 2+ safari yote. Kuandika "kalsiamu(II) oksaidi" hakumwongezei msomaji habari yoyote, na msahihishaji ana haki ya kukukata alama.

Kundi la pili ni la metali ambazo chaji yake hubadilika kutoka kampaundi moja hadi nyingine. Nyingi ni metali za mpito, zile zilizo katikati ya jedwali la elementi. Chuma huwa 2+ au 3+. Shaba huwa 1+ au 2+. Kobalti huwa 2+ au 3+, kromiamu aghalabu 3+, na manganizi ina chaji nyingi. Risasi na bati si metali za mpito, lakini nazo zinabadilika: 2+ au 4+. Kwa hizi zote, jina lisilo na namba halijakamilika. Mtu akikwambia "oksaidi ya shaba" hujui kama anasema unga mwekundu au unga mweusi.

Pili: zijue ayoni za hasi, na hasa radikali

Hapa hakuna njia nyingine ila kukariri, ila mzigo wenyewe si mkubwa. Elementi moja ikiwa upande wa hasi, jina lake huishia na -aidi: oksaidi O²⁻, salfaidi S²⁻, kloraidi Cl⁻, bromaidi Br⁻, ayodaidi I⁻, naitraidi N³⁻. Chaji zake unaweza kuzisoma kwenye jedwali la elementi: kundi la saba ni 1−, la sita ni 2−, la tano ni 3−.

Radikali ni ayoni yenye atomu zaidi ya moja zinazotembea pamoja kama kitu kimoja, zikiwa na chaji moja ya pamoja. Za kuanza nazo ni hizi:

- Zenye 1−: haidroksaidi OH⁻, naitreti NO₃⁻, naitraiti NO₂⁻, haidrojenikaboneti HCO₃⁻
- Zenye 2−: kaboneti CO₃²⁻, salfeti SO₄²⁻, salfaiti SO₃²⁻
- Yenye 3−: fosfeti PO₄³⁻
- Yenye 1+: amoniamu NH₄⁺

Angalia mwisho wa majina. Salfeti na salfaiti zote zina salfa na oksijeni, na zote ni 2−. Ya -eti ina oksijeni moja zaidi. Naitreti na naitraiti ni vivyo hivyo. Salfaidi haina oksijeni kabisa. Haidroksaidi ndiyo inayokiuka utaratibu, kwani inaishia na -aidi ingawa ni ya atomu mbili. Ikariri hivyohivyo.

Jambo la kushika kuhusu radikali ni kwamba namba ndogo iliyo ndani yake ni mali yake mwenyewe. Ile 4 ya SO₄ inahesabu oksijeni za salfeti moja. Haihusiki na idadi ya salfeti zilizopo, wala haihusiki na chaji ya metali. Idadi ya radikali huandikwa nje ya mabano. Katika Fe(NO₃)₃, ile 3 ya ndani ni oksijeni za naitreti moja, na ile 3 ya nje ni naitreti tatu. Mwanafunzi asiyetenganisha hizo mbili atapotea hata kama hesabu anaijua.

Tatu: tafuta chaji ya metali kwa kuanzia upande wa hasi

Hapa ndipo penye kiini. Katika fomula yenye chuma au shaba kuna kitu kimoja unachokijua kwa hakika na kimoja usichokijua. Unachokijua ni chaji ya ayoni ya hasi, kwa sababu oksaidi ni 2− na salfeti ni 2− popote utakapozikuta. Usichokijua ni chaji ya metali. Kwa hiyo anza na unachokijua, na ukumbuke kwamba kampaundi nzima haina chaji: jumla ya chanya lazima ilingane na jumla ya hasi.

Tuchukue Fe₂O₃, oksaidi iliyo kwenye kutu na inayoupa udongo wa uwanda wa Makonde wekundu wake. Oksijeni ni tatu, kila moja 2−, jumla 6−. Kwa hiyo chuma zote kwa pamoja lazima zitoe 6+. Chuma ziko mbili. Kila moja inachukua 3+. Jina ni chuma(III) oksaidi. Ichukulie kama deni: upande wa hasi unadai sita, na chuma mbili zinagawana kulilipa sawasawa.

Sasa shaba. Katika Cu₂O oksijeni ni moja, jumla ya hasi ni 2−. Shaba ni mbili na zinagawana 2+, kila moja 1+. Ni shaba(I) oksaidi. Katika CuO jumla ya hasi ni ileile 2−, lakini shaba ni moja tu, inabeba 2+ peke yake. Ni shaba(II) oksaidi, unga mweusi. Wanafunzi wa baiolojia wameiona shaba(I) oksaidi bila kujua: ukipasha moto myeyusho wa Benedikti pamoja na glukosi, bluu ya shaba(II) hupotea na mashapo mekundu kama tofali hutokea. Mashapo hayo ni Cu₂O. Kumbe namba ya mabano imebadilika kutoka II hadi I mbele ya macho yako, na rangi imebadilika pamoja nayo.

Kwenye radikali mwendo ni uleule. CuSO₄: salfeti moja, 2−, shaba moja, 2+, shaba(II) salfeti. Pb(NO₃)₂: naitreti mbili, kila moja 1−, jumla 2−, risasi moja, 2+, risasi(II) naitreti. MnO₂, ule unga mweusi ndani ya betri za tochi: oksijeni mbili, 4−; manganizi moja, 4+; manganizi(IV) oksaidi.

Unaposoma kwa sauti, taja namba mara baada ya metali: shaba mbili salfeti, chuma tatu oksaidi. Unapoandika, usiache nafasi kati ya jina la metali na mabano.

Njia ya mkato inayodanganya

Karibu kila darasa huifahamu njia ya kubadilishana valensi. Unapoandika fomula kutoka kwenye chaji, unashusha chaji ya huyu iwe namba ndogo ya yule. Chuma 3+ na oksaidi 2− zinatoa Fe₂O₃. Njia hiyo ni sahihi kwa kwenda. Tatizo ni kwamba wanafunzi huitumia pia kwa kurudi: wanaona Fe₂O₃, wanapandisha ile 3 ya oksijeni iwe chaji ya chuma, wanapata chuma(III), na kwa kuwa jibu ni sahihi wanaiamini.

Jaribu kurudi hivyo kwa CuSO₄. Namba ndogo ya salfeti ni 1, haikuandikwa. Ukiipandisha unapata shaba(I) salfeti, na hilo si jibu. Jaribu PbO₂: ukiipandisha 2 unapata risasi(II) oksaidi, wakati hesabu ya hasi inasema oksijeni mbili ni 4−, risasi moja, 4+, kwa hiyo risasi(IV) oksaidi. Jaribu FeO: unapata chuma(I), chaji ambayo hutaikuta sekondari kabisa.

Sababu ni moja. Fomula za aina hii huandikwa kwa uwiano mdogo kabisa. Risasi 4+ na oksaidi 2− zikibadilishana zinatoa Pb₂O₄, kisha tunagawa kwa mbili na kubaki na PbO₂. Ile hatua ya kugawa imefuta chaji za mwanzo, na huwezi kuzirudisha kwa kupandisha namba zilizobaki. Kwa hiyo njia ya kurudi hukubali pale tu ambapo fomula haikupunguzwa, na ukiwa na karatasi ya mtihani mbele yako hujui ni ipi iliyopunguzwa. Hesabu ya upande wa hasi haijali kama fomula ilipunguzwa au la. Ndiyo maana naisisitiza.

Kosa la pili linafanana na hili: kusoma namba ndogo ya metali yenyewe kana kwamba ndiyo namba ya Kirumi. Cu₂O inaitwa "shaba(II) oksaidi" kwa sababu mtu ameona 2 kando ya Cu. Namba ndogo inahesabu atomu. Namba ya Kirumi inataja chaji ya kila atomu. Hapa zinaelekea hata kinyume: shaba zikiongezeka kuwa mbili, chaji ya kila moja imepungua kuwa 1+. Ukitaka kujikagua, chukua jina ulilolipata, zidisha namba ya Kirumi kwa idadi ya metali, kisha linganisha na jumla ya hasi. "Shaba(II)" mara shaba mbili ni 4+, oksijeni moja ni 2−. Havilingani, kwa hiyo jina si sahihi.

Mfano mmoja hadi mwisho: chupa mbili za chuma na salfeti

Tuseme kwenye maabara kuna chupa mbili. Moja imeandikwa FeSO₄, nyingine Fe₂(SO₄)₃.

Ya kwanza: salfeti moja, jumla 2−. Chuma moja, 2+. Chuma(II) salfeti. Hii ndiyo iliyo kwenye vidonge vingi vya kuongeza damu wanavyopewa akina mama wajawazito kliniki, na kwenye maboksi bado utakuta jina la zamani, ferasi salfeti. Kwa majina ya zamani, ferasi ni chuma yenye chaji ndogo, 2+, na feriki ni yenye chaji kubwa, 3+. Kuprasi ni shaba 1+ na kupriki ni shaba 2+. Ona kwamba -asi haimaanishi mbili wala -iki haimaanishi tatu. Zinamaanisha tu ndogo na kubwa kwa metali husika. Kwa hiyo ferasi ni II lakini kuprasi ni I. Udhaifu huo ndio uliofanya namba za Kirumi zichukue nafasi yake.

Chupa ya pili: anzia nje ya mabano. Salfeti ni tatu. Kila moja 2−, jumla 6−. Chuma mbili zinagawana 6+, kila moja 3+. Chuma(III) salfeti. Usiandike "daichuma traisalfeti". Viambishi vya kuhesabu, dai na trai, havitumiki kati ya metali na ayoni ya hasi, kwa sababu chaji zenyewe zimekwisha kulazimisha idadi. Anayejua chuma ni 3+ na salfeti ni 2− hana haja ya kuambiwa ziko mbili kwa tatu.

Je, unaweza kujua kwa macho kwamba jina ni la kweli? Ndiyo. Chukua kiasi kidogo cha kila myeyusho kwenye neli ya majaribio na udondoshe myeyusho wa sodiamu haidroksaidi. Chuma(II) hutoa mashapo ya kijani kilichofifia, Fe(OH)₂. Chuma(III) hutoa mashapo ya kahawia nyekundu, Fe(OH)₃. Ukiyaacha yale ya kijani wazi kwa muda, sehemu ya juu inayogusana na hewa hugeuka kahawia, kwa sababu oksijeni ya hewani inaibadilisha chuma(II) kuwa chuma(III).

Hilo lina athari kwenye shule zetu za pwani ambako hewa ina unyevu mwingi. Chembe za chuma(II) salfeti zilizokaa kwenye chupa isiyofungwa vizuri huanza kuvaa rangi ya njano na kahawia juu yake. Lebo bado inasema chuma(II), lakini ndani mmeshaanza kuwa na chuma(III), na jaribio linaweza kukupa mashapo ya rangi isiyoeleweka. Kabla ya kumlaumu mwanafunzi, itazame chupa. Mtaalamu wa maabara anayeandaa myeyusho wa chuma(II) salfeti huuandaa siku ileile na kuongeza asidi ya salfuriki hafifu kidogo ili usiharibike haraka.

Kutoka jina kwenda fomula

Hapa namba ya Kirumi inakufanyia kazi nusu. Chuma(III) haidroksaidi: chuma ni 3+, haidroksaidi ni 1−, zinahitajika tatu, Fe(OH)₃. Mabano ni lazima. Ukiandika FeOH₃ umesema kuna oksijeni moja na haidrojeni tatu, jambo ambalo si kweli. Kukiwa na radikali moja tu, mabano hayahitajiki: CuCO₃, si Cu(CO₃).

Chuma(II) fosfeti huwasumbua wengi. Chuma ni 2+, fosfeti ni 3−. Tafuta kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3, yaani 6. Chuma tatu zinatoa 6+, fosfeti mbili zinatoa 6−. Fomula ni Fe₃(PO₄)₂. Ukirudi kuikagua: fosfeti mbili, 6−, chuma tatu zinagawana, kila moja 2+. Imekubali.

Ukikutana na maji yaliyoshikwa ndani ya chembe za chumvi, yataje mwishoni kwa kiambishi cha kuhesabu. Mrututu wa dukani ni CuSO₄·5H₂O, shaba(II) salfeti pentahaidreti. Jasi inayochimbwa wilayani Kilwa ni CaSO₄·2H₂O, kalsiamu salfeti daihaidreti. Maji hayana chaji, kwa hiyo hayaingii kwenye hesabu. Ukiuchoma mrututu maji yanatoka na chembe zinageuka unga mweupe, lakini shaba imebaki kuwa II. Ukidondosha maji, bluu inarudi.

Pale hesabu inapokataa

Jaribu Fe₃O₄, oksaidi nyeusi inayovutwa na sumaku, ambayo hupatikana pia mvuke wa maji unapopita juu ya chuma yenye joto kali. Oksijeni nne ni 8−. Chuma tatu zinagawana 8+, kila moja mbili na theluthi mbili. Hakuna chaji ya aina hiyo. Ukipata sehemu badala ya namba kamili, usikadirie kuwa 3. Hiyo ni dalili kwamba chuma hazifanani: moja ni 2+ na mbili ni 3+, jumla 8+. Jina lake ni chuma(II,III) oksaidi.

BaO₂ inakataa kwa namna nyingine. Ukihesabu oksijeni mbili kama 4−, bariamu inatakiwa kuwa 4+, na bariamu ni 2+ tu. Metali haibadiliki, kwa hiyo kilichobadilika ni oksijeni. Hapa oksijeni mbili zimeshikana kama ayoni moja, peroksaidi O₂²⁻, na jina ni bariamu peroksaidi. Linganisha na PbO₂, ambapo risasi ina uwezo wa kuwa 4+ na oksijeni ni oksaidi za kawaida. Fomula zinafanana sura, ila mwenye uamuzi ni metali. Ndiyo sababu swali la kwanza kabisa lilikuwa kama metali inabadilika au la.

Zebaki nayo ina jambo lake. Hg₂Cl₂ ukiihesabu inatoa 1+ kwa kila zebaki, kwa hiyo ni zebaki(I) kloraidi, lakini huruhusiwi kuipunguza iwe HgCl. Atomu mbili za zebaki(I) hutembea zikiwa zimeungana, Hg₂²⁺. HgCl₂ ni kitu kingine: zebaki(II) kloraidi.

Mwisho wa kundi hili ni KMnO₄, zile chembe za zambarau ambazo watu wengi huziita pamanganeti. Hapa manganizi haiko upande wa chanya. Iko ndani ya radikali, MnO₄⁻, na chanya ni potasiamu 1+. Namba inahamia kwenye jina la radikali: potasiamu manganeti(VII). Oksijeni nne ni 8−, ayoni nzima ni 1−, kwa hiyo manganizi imehesabiwa 7+. Usidhani kwamba kuna ayoni ya manganizi yenye 7+ inayoelea kwenye maji. VII ni namba ya oksidesheni, njia ya kuhesabu elektroni. K₂Cr₂O₇ inafuata mkondo huo: oksijeni saba 14−, ayoni nzima 2−, kromiamu mbili zinagawana 12+, kila moja 6. Potasiamu daikrometi(VI).

Pasipo metali

Elementi mbili zisizo metali hazina ayoni za kuzihesabu, na hapo ndipo viambishi vinapofanya kazi. Ile salfa ya mikorosho ikiungua hutoa moshi mkali wa SO₂, salfa dayoksaidi. SO₃ ni salfa trayoksaidi. Iangalie vizuri: SO₃ isiyo na chaji ni gesi au kimiminika chenye jina lake kamili, SO₃²⁻ yenye chaji ni salfaiti, na lazima iwe na mwenzake wa chanya, kama Na₂SO₃. Amoniamu nayo haina metali lakini hufuata kanuni za chaji, si za viambishi: mbolea ya SA ni (NH₄)₂SO₄, amoniamu salfeti.

Zoezi moja la kujipima

Taja jina la (NH₄)₂Fe(SO₄)₂·6H₂O.

Weka maji pembeni kwanza. Upande wa hasi: salfeti mbili, kila moja 2−, jumla 4−. Upande wa chanya una wawili, na mmoja wao unamjua: amoniamu mbili, kila moja 1+, jumla 2+. Ili kufika 4+ zimebaki 2+, na chuma ni moja, kwa hiyo inazibeba zote. Chuma ni (II). Zirudishe haidreti sita mwishoni: amoniamu chuma(II) salfeti heksahaidreti. Sasa ibadilishe: ondoa amoniamu moja na mabano yake, na maji yawe kumi na mawili, iwe NH₄Fe(SO₄)₂·12H₂O, uhesabu upya tangu mwanzo. Salfeti bado ni 4−, amoniamu inatoa 1+ tu, na chuma inalazimika kutoa 3+. Ni amoniamu chuma(III) salfeti dodekahaidreti.